Mkono wa Bot Kiplangat

Kebaso alikuwa na vichupa viwili vya damu kwenye meza yake ya maabara. Vyote viwili vilikuwa vimeandikwa jina moja, Janeffer Chepyegon, na alijua kwa hakika kwamba havikutoka kwa mtu mmoja.

Cha kwanza kililetwa asubuhi kutoka chumba cha dharura, mama huyo aliposhushwa kwenye pikipiki ya jirani akiwa ameshikiliwa pande zote mbili. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na damu ilikuwa imemtoka siku nyingi bila yeye kusema, maana majani chai yalikuwa yameiva na kituo cha kununulia hakimngojei mgonjwa. Kebaso alipima nguvu ya damu akapata nne nukta moja, kwa mtu anayetakiwa kuwa na kumi na mbili. Akapima kundi akapata O.

Cha pili kililetwa baada ya chakula cha mchana, pamoja na ombi la kuongezewa damu. Hicho kilikuwa B.

Mtu anaweza kulala maskini akaamka tajiri. Anaweza kulala mkristo akaamka mlevi. Lakini halali O akaamka B. Kebaso alirudia kupima. Alitia tone la dawa ya kupimia A kwenye kigae cheupe, na tone la dawa ya B kando yake, akachanganya na damu ya kichupa cha asubuhi. Ikabaki laini pande zote mbili kama uji uliokorogwa na mtu anayejua kazi. Akachukua kile cha mchana. Upande wa A laini. Upande wa B damu ikafanya madonge pale pale. Akageuza kipimo, akachukua maji ya damu ya kila kichupa akayajaribu kwa chembe za A na za B anazozijua. Maji ya asubuhi yalizishambulia zote mbili. Ya mchana yalishambulia za A peke yake. Hakuna kilichokuwa kinasema uongo isipokuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa kimojawapo.

Alipiga simu wodi ya akina mama. Nesi aliyeshika zamu ya mchana aliitwa Caren, msichana mpole wa upande wa Bomet aliyemaliza chuo juzi.

"Caren, nitolee damu ingine ya Janeffer Chepyegon. Wewe mwenyewe, usitume mtu."

"Ile nimeleta iko na shida gani, daktari?"

"Nitolee tu."

Alileta mwenyewe, mbio, kichupa bado kina joto la mwili. Kebaso akapima. B.

Alikaa chini. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, juu ya barabara ya kwenda Chepilat, na maabara yake ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya magodoro. Kwenye friji ya damu kulikuwa na mifuko miwili ya B na mmoja wa A. O haikuwepo hata tone. Kungekuwa na O asingeumiza kichwa. Chembe za O hazina alama ya A wala ya B za kushambuliwa, na mgonjwa asiyejulikana kundi lake huanzishiwa hizo wakati watu wakiendelea kutafuta ukweli. Alikuwa ameshapiga simu benki ya damu ya Kericho tangu asubuhi. Walisema mifuko miwili ya O ipo, imepimwa magonjwa, gari litatoka. Mwalimu wa shule naye husema mshahara utatoka.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Muturi, tabibu wa zamu, kijana wa ukoo wa Wagikuyu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale sokoni. Alikuwa na akili nyepesi na miguu myepesi zaidi.

"Mzee Kebaso, mama ananiishia. Moyo unapiga kama jenereta. Maji ya chumvi nimeweka, lakini maji si damu. Mifuko ya B si iko?"

"Iko. Sitoi."

"Umelinganisha?"

"Nimelinganisha. Maji ya kichupa cha pili na chembe za mfuko. Nikazungusha, nikaweka kwenye joto la mwili, nikamaliza hatua zote. Imekubali."

"Sasa?"

"Imekubaliana na kichupa. Mimi sipeleki damu kwa kichupa."

Muturi alivuta stuli akakaa, akajaribu sauti ya upole, ile watu hutumia kwa mzee aliyeanza kusahau. "Hebu tuhesabu pamoja. Kichupa cha asubuhi kilitoka dharura, na unajua dharura ilivyokuwa, kulikuwa na ile ajali ya trekta. Kinasema O. Viwili vya wodi vinasema B. Mbili kwa moja, mzee. Hata kwa kura umeshindwa."

"Damu haipigiwi kura."

"Na kijana wake? Ulimpima alipotaka kujitolea. Yeye ni nini?"

Kebaso alikunja uso. "B."

"Mtoto B, mama B. Tatu kwa moja."

"Mtoto anaweza kuwa B na mama awe O, kama hiyo B alipewa na baba. Baba yake ni kundi gani?"

"Alikufa zamani. Nani alimpima?"

"Basi huyo kijana si shahidi. Mtoe kwa hesabu yako."

Muturi alisimama. "Akifa akingoja gari la Kericho, nitaandika ni kwa nini."

"Andika. Na nikimpa B kumbe ni O, utaandika nini? Maji ya damu ya mtu wa O yako tayari, hayangoji kufundishwa. Chembe za B zikiingia tu zinapasuliwa ndani ya mshipa. Atashikwa na baridi, mgongo utauma kama umepigwa na jembe, presha itaanguka, na mkojo utatoka rangi ya chai kali isiyo na maziwa. Baadaye figo zitafunga. Na hatamaliza mfuko. Kidogo tu kinatosha."

"Najua. Nilifanya mtihani huo."

"Basi ufanye tena leo."

Muturi aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na yule kijana mwenyewe, Kiplangat, mtoto wa mgonjwa, mtu wa miaka thelathini na kitu, gambuti zake za mpira bado zina udongo wa shamba. Alikuwa amesimama koridoni akisikiliza. Kiplangat alipokuwa ametulia, Kiswahili chake kilinyooka. Akikasirika, d yote hugeuka t.

"Taktari, wanasema tamu iko kwa friji. Mama anakufa na tamu iko kwa friji."

"Iko, lakini sijui kama ni yake."

"Si wameandika jina lake? Mara tatu?"

"Jina ni lake. Damu ndiyo sijui."

"Basi nitoe mimi. Nilitoka kwa tumbo lake. Tamu yangu ni yake."

"Tumbo ni lake, lakini hiyo B sijui aliyekupa. Na hata ingefaa, damu yako haijapimwa magonjwa, na haipimwi hapa."

Kiplangat alisema polepole, sasa kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Angekuwa mama wa kwenu huko Nyamira, ungeshatoa."

Kebaso alikuwa ameishi upande huu wa mpaka wa Nyamira tangu ujana, amenunua ng'ombe hapa, amezika mtoto hapa. Neno hilo alishalisikia, na kila mara lilimchoma mahali pale pale. Alichukua sindano, kamba ya kufungia mkono, kichupa kitupu kisichoandikwa kitu, akafunga mlango wa maabara.

"Twende," alisema. "Nikamtoe mwenyewe."

Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Ilikuwa ikipiga mabati ya koridoni hadi mtu hasikii viatu vyake, na Kebaso akawaza majani chai ya watu yanavyopasuliwa huko, na gari la Kericho lililoegeshwa mahali fulani likingoja.

Wodi ilikuwa imejaa. Wagonjwa wengine walilala wawili wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kama viatu ndani ya boksi. Caren alikuwa mezani akikunja pamba. Alimwona Kebaso na sindano mkononi, macho yake yakajaa.

"Daktari, nilimtoa mimi mwenyewe. Mara zote mbili."

"Sijasema hukumtoa. Nionyeshe tu ulivyofanya. Fanya kama mimi sipo."

Caren alijifuta uso, akatembea hadi kitanda cha dirishani, akainama kidogo kwa adabu, akaita kwa sauti laini, "Bot Kiplangat."

Mama mmoja mzee aliyekuwa ameegemea ukuta, kitambaa chekundu kichwani, mguu mmoja umevimba, alinyoosha mkono wa kulia bila hata kuuliza. Kwenye kiwiko kulikuwa na vipande viwili vya pamba vilivyobandikwa, kimoja juu ya kingine.

Kiplangat alisema, "Huyo si mama."

Mawe yaliendelea kugonga bati. Upande wa pili wa kitanda hicho hicho, chini ya blanketi, palikuwa na mwili mwembamba uliogeuzwa ukutani. Kiplangat alilivuta blanketi taratibu. Janeffer Chepyegon alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mpira wa maji, na wa kushoto kipande kimoja cha pamba, kilichokauka tangu asubuhi.

Kebaso alimgeukia yule mzee. "Mama, unaitwa nani?"

"Bot Kiplangat."

"Jina lako wewe."

Mzee alimkagua kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo yake ya ndani. "Kijana wangu wa kwanza ni Kiplangat. Mimi ni Bot Kiplangat. Tangu nimzae sijaitwa kitu kingine, isipokuwa siku ya kupiga kura."

"Na hukushangaa kutolewa damu mara mbili?"

"Nilifikiri mnatafuta sukari. Mmetoa mara mbili na hata chai sijapewa."

Kutoka upande wa pili wa kitanda sauti ndogo sana ilisema, "Mimi pia ni Bot Kiplangat." Mama wa Kiplangat. Huko upande wa Bomet, ukirusha jiwe sokoni litampata mmoja.

Caren alikuwa ameshika chuma cha kitanda. "Nilikuta ameshalazwa," alisema, si kwa Kebaso, si kwa mtu yeyote. "Nikamuuliza kijana wake mlangoni mama yako anaitwaje, akaniambia Bot Kiplangat. Nikaita, huyu akaitika. Uliponiambia nirudie, nikarudi kwa mkono ule ule. Ningeendaje kwa mwingine?"

"Jina la fomu ulikuwa nalo."

"Daktari, yule ni umri wa nyanya yangu. Nisimame juu yake niseme we Janeffer, kama ninayeita mtoto wa nasari?"

"Heshima yako ilikuwa inamzika."

Kebaso alilisema neno hilo, na mara akatamani asingelisema, maana msichana alikuwa ameelewa kabla yake. Lakini hasira ya mchana mzima ilihitaji mahali pa kutua. Hata Kiplangat alikuwa amekosa pa kuweka macho, kwa kuwa jina lile alilitoa yeye. Mtoto gani aliyelelewa vizuri atataja jina la mama yake mbele ya watu?

Kebaso alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza Janeffer jina, akamngoja hadi akalitamka lote, akalilinganisha na fomu, akatoa damu, na akaandika kichupa pale pale, kabla ya kuinuka. Kisha akakata plasta nyeupe, akaandika jina na namba, akaifunga kwenye kifundo cha mkono. Akaifunga ya pili kwenye mkono wa yule mzee, aliyesema kuwa jina lake, kama lazima lisemwe, ni Taprandich.

Maabara ilimpa O. Laini upande wa A, laini upande wa B. Alimwonyesha Muturi kigae.

"Mbili kwa mbili," alisema Muturi, akijaribu mzaha.

"Mbili zako zilikuwa kosa moja lililorudi. Ukimuuliza mwongo mara mbili huna mashahidi wawili."

Gari la Kericho lilifika mvua ilipokatika, dereva akilalamika kuhusu daraja. Kebaso hakumsikiliza. Alipima kundi la mifuko yote miwili upya, O, akachanganya maji ya damu ya Janeffer na chembe za kila mfuko, akazungusha, akaweka kwenye joto, akaosha, akatia dawa ya mwisho, ile inayofichua shambulio lililojificha. Mama aliyezaa mara nyingi anaweza kuwa na kinga za pembeni ambazo kundi la O peke yake halizionyeshi. Hakuna donge. Akatoa mfuko wa kwanza. Caren na nesi mwenzake wakasoma jina wote wawili, plasta kwa mfuko, mfuko kwa fomu. Damu ikaanza kushuka, pole pole.

Kebaso alikuwa ndiyo kwanza amemimina chai wakati gambuti zilipopiga mbio koridoni.

"Anatetemeka," alisema Kiplangat. "Umesema hii ndiyo yake, na anatetemeka. Meno yanagongana."

Chai ilibaki pale. Kebaso alitoka mbio. Alikuwa amefanya yote. Alikuwa ameiudhi hospitali nzima kwa ajili ya kufanya yote, na bado. Kama ilikuwa imekosewa safari hii, hakukuwa na mkono wa mtu mwingine wa kuulaumu.

Caren alikuwa ameshafunga damu. Alikuwa ameondoa mpira wote na kuweka mpya wa maji ya chumvi, sindano ikiwa bado mshipani, na alikuwa akisoma kipimajoto.

"Joto limepanda digrii moja na nusu tangu tuanze. Presha iko pale pale. Nimeuliza mgongo, anasema hapana. Kifua, hapana. Mkojo huu hapa." Aliinua chupa. Ulikuwa wa njano.

"Jina?"

"Nimesoma tena. Ni yeye, na mfuko ni wake."

Kebaso alitoa damu nyingine kutoka mkono usio na mpira, akachukua mfuko pamoja na mpira wake, akarudi. Aliweka kichupa kwenye mashine ya kuzungushia damu. Mashine ilizunguka. Hakuna kitu kirefu kama mashine hiyo ikizunguka na mtoto wa mgonjwa amesimama mlangoni akikuhesabia pumzi.

"Unatafuta nini?" Kiplangat aliuliza.

"Rangi. Kama chembe zimepasuliwa, maji ya juu yatakuwa mekundu."

Mashine ilisimama. Kebaso alikiinua kichupa mbele ya dirisha, kando ya kile alichotoa kabla ya mfuko kuwekwa. Chini kulikuwa na tabaka jembamba jekundu. Juu, maji yalikuwa ya rangi ya nyasi kavu, safi, na ya vichupa vyote viwili yalilingana.

Hakuamini jicho peke yake. Alipima kundi la vichupa vyote na la mfuko, akalinganisha tena, akatafuta kama kuna kinga iliyoganda juu ya chembe zake. Hakuna. Aliangalia mfuko wenyewe, kama umebadilika rangi au una madonge ya uchafu, akapaka tone kwenye kioo akaliangalia kwa darubini kutafuta vijidudu. Hakuna. Akampigia Muturi.

"Hazijapasuka. Mwili wake umechukia kitu kidogo cha mtu aliyetoa, chembe nyeupe pengine. Mfuko huo usirudishwe kwake."

"Nimempa paracetamol. Kutetemeka kumepungua." Muturi alishusha sauti. "Mzee, wa pili tuweke?"

"Wa pili ulikubali. Weka polepole, na mtu akae naye."

"Nitakaa mimi," alisema Muturi.

Kebaso aliupeleka mfuko wa pili kwa mikono yake. Jua la jioni lilikuwa limetoka, na nje ya dirisha mashamba ya chai yalikuwa yamelowa, yametobolewa na mawe. Kiplangat aliyatazama kwa jicho la mtu anayejua hasara yake, kisha akayapa mgongo. Kuhusu lile neno la Nyamira hakusema kitu. Alimsogezea Kebaso kiti tu, na Kebaso akakaa.

Caren aliinama juu ya mgonjwa. Alivuta pumzi kama anayetaka kuruka mto.

"Mama, nisamehe. Jina lako ni nani?"

Janeffer alifumbua macho. "Si unalijua. Bot Kiplangat."

Kebaso alifunga macho yake.

"Lako mwenyewe, mama," Caren alisema. "Lile la siku ya kupiga kura."

Mama alimtazama mtoto wake. Kiplangat akageukia dirisha, akaanza kuchunguza chai ya watu.

"Janeffer," mama alisema kwa sauti ya chini. "Janeffer Chepyegon."

Caren alisoma plasta, akasoma mfuko, akafungua damu. Walikaa wakiitazama ikidondoka, kila mmoja akingoja meno yagongane. Hayakugongana. Kutoka upande wa pili wa kitanda mzee aliinua mkono wake wenye pamba mbili ili wote wauone.

"Na mimi ni Taprandich," alisema. "Mmesikia? Sasa huu mkono muuache. Na hiyo chai yangu iko wapi?"